Msafiri Hakuwa Yeye

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wa hapa Kibirizi hulala majumbani, kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mwezi na dagaa hawakusanyiki chini ya mwanga wao. Ndizo siku ambazo ua wa shangazi yangu hujaa watu wenye nafasi ya kusikiliza. Usiku mmoja wa namna hiyo nilimaliza kuwasomea hadithi yangu ndefu, sura 12 kwa jioni nne, na nilipofunga daftari hakuna aliyesema neno. Nilidhani ni ukimya wa watu walioguswa. Shangazi alikuwa amepakata ungo, akichambua dagaa, na aliuliza bila kuinua macho.

“Sasa mwanangu, yule mtoto wa watu amekufa kwa ajili ya nini?”

Nilimweleza kwamba kijana yule hakuwa mteule, kwamba utabiri ulimhusu mtu mwingine tangu mwanzo, na kwamba hilo ndilo fundo la hadithi nzima.

“Hilo nimelisikia, shangazi yako si kiziwi. Nakuuliza amekufa kwa ajili ya nini.”

Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinikaa kwa wiki sita. Nilikuwa na hakika kwamba nimeandika mgeuko mzuri: kijiji kizima kinamtegemea shujaa aliyetabiriwa, msomaji naye anamtegemea, kisha mwishoni inabainika kwamba walimkosea mtu. Wasikilizaji wangu walishangaa kweli. Hata hivyo waliondoka wakiwa na sura za watu waliodhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa hasemi kwamba hadithi ilikuwa tamu.

## Maneno ya mzee

Hadithi yenyewe ni hii. Katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganyika, chombo cha wavuvi saba kilitoka usiku wa giza na hakikurudi. Tangu usiku huo watu waliogopa usiku usio na mwezi, wakapiga marufuku kupita rasi iliyo kusini mwa kijiji, na wakabaki kuvua karibu na ufuko kwa ndoano. Njaa ndogo ikawa kawaida ya maisha yao. Mzee mmoja, kabla ya kukata roho, aliacha maneno manne:

*Atakuja aliyezaliwa majini,*
*asiye na baba wa kumwita,*
*atashika taa usiku usio na mwezi,*
*na ziwa litarudisha kilicho chake.*

Kijiji hakikuhangaika kutafuta. Alikuwapo kijana wa miaka 16 aitwaye Msafiri, aliyepewa jina hilo kwa sababu mama yake alijifungua ndani ya mtumbwi akiwa safarini, na baba yake alikuwa mmoja wa wale saba waliopotea wakati mimba ikiwa ya miezi michache. Amezaliwa majini, hana baba. Wakampa taa.

Mteule wa kweli alikuwa Tausi, binti wa jirani, ambaye katika maandishi yangu ya kwanza alijitokeza mara mbili tu kabla ya sura ya 11. Msafiri anakwenda ziwani, anazama. Tausi anaokota taa, na maneno ya mzee yanatimia juu yake. Mwisho.

Nikiisoma leo naona kwamba sikuwa nimegeuza chochote. Nilikuwa nimemwondoa mtu mmoja kwenye kiti na kumweka mwingine, na sura kumi za maisha ya Msafiri nikazitupa ziwani pamoja naye.

## Tiba mbili zilizoharibu zaidi

Katika wiki ya kwanza nilijaribu kumfanya Msafiri kuwa mwongo. Nilidhani kama alijua tangu mwanzo kwamba si yeye, na akajitwalia heshima isiyo yake, basi kifo chake kingekuwa malipo na shangazi angetulia. Niliandika sura mbili kwa mtindo huo na nikaziacha. Hadithi ya mteule asiye sahihi inauma kwa sababu ya kosa la watu wengi wenye nia njema. Ukimpa mtu mmoja lawama yote, unakuwa umeandika habari ya tapeli aliyekamatwa, nayo ni hadithi ya aina nyingine kabisa.

Tiba ya pili ilinishawishi zaidi, na ninaijadili kwa sababu nimeiona ikiwapoteza waandishi wengi wa rika langu. Nilitaka utabiri wenyewe uwe wa uongo: mzee alikuwa akiweweseka kwa homa, maneno yake hayakuwa na maana, na shujaa ni yeyote anayethubutu. Linapendeza kulisema. Lakini nilipolijaribu ukurasani, kila kitu nilichokuwa nimekijenga kililegea. Msomaji amebeba maneno manne tangu ukurasa wa tatu, ameyapima kila mtu mpya alipoingia, amekesha nayo. Ukimwambia mwishoni kwamba maneno hayo ni takataka, umemwambia kwamba umakini wake ulikuwa wa bure.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mpaka. Mwandishi ana ruhusa ya kumkosesha msomaji mtu. Maneno hana ruhusa ya kuyavunja. Kila mstari wa utabiri lazima utimie, tena utimie kwa ukamilifu zaidi kuliko kijiji kilivyotarajia, na kosa libaki kwa waliosikia.

## Nipe mji

Njia ilinifungukia kwenye michezo ya watoto. Mpwa wangu alikuwa akitegeana vitendawili na wenzake, na mmoja aliposhindwa, yule aliyetega akadai, “Nipe mji!” Mwenzake akampa Mwanza. Akaukataa. Akampa Ujiji, akaukubali, ndipo akatoa jibu, nao wote wakapiga kelele za “Aah!” kana kwamba walikuwa wakilijua siku zote.

Nilisimama pale mlangoni nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa.

Utabiri ndani ya hadithi ni kitendawili kilichotegwa kwa kijiji kizima, na mteule asiye sahihi ni jibu la kwanza walilolitoa. Katika kitendawili, jibu la kwanza haliwi la kipuuzi. Linalingana na maneno yote isipokuwa moja, na hilo moja lilisikika wazi tangu mwanzo. Kisha kuna mji. Asiyejua hutoa kitu cha thamani, aliyetega hukipokea, na ndipo jibu hutoka. Katika maandishi yangu, Msafiri alikuwa jibu la kwanza, lakini hakuna mji uliotolewa wala kupokewa. Alikufa, na kifo chake hakikununua jibu.

Nikarudi kwenye mistari minne nikiwa na maswali mawili. Ni neno gani moja lisilomwenea Msafiri? Na kosa la kumchagua yeye limenunua nini ambacho kisingepatikana kama wangemchagua Tausi siku ile ile?

## Lugha yetu huficha yenyewe

Swali la kwanza lilinipa raha ambayo sikuitarajia, kwa sababu Kiswahili ni lugha nzuri mno kwa kazi hii.

Anza na “atakuja”. Kiambishi kile hakisemi mume wala mke. Kijiji kilisikia mvulana kwa sababu taa na mtumbwi vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mzee hakusema hivyo, na msomaji akirudi nyuma hataona neno lililomdanganya. Nililazimika tu kuwa mwangalifu na wazungumzaji wangu, maana kuna pahali mhusika mmoja alisema “kaka yetu atakayetuokoa” kana kwamba ni sehemu ya utabiri. Nililiacha neno hilo kinywani mwake, kwani ni lake, lakini nikahakikisha mzee mwenyewe hajalitamka.

“Baba wa kumwita” ni zawadi kubwa zaidi. Nani anamwita nani? Kijiji kilielewa kwamba mtoto hana baba wa kumwita jina lake jioni arudi nyumbani, na Msafiri kweli hana. Lakini maneno hayo hayo yanamfaa mtoto ambaye babaye yuko hai na hawezi kuitwa, kwa sababu ni kiziwi. Baba yake Tausi ni kiziwi. Katika sura ya pili Tausi anakimbia ufuko mzima kumgusa bega baba yake, kwani kupaza sauti hakusaidii, na msomaji anaiona picha hiyo kama huruma ya kawaida tu.

Sasa “majini”. Jioni ile ya kwanza mzee mmoja msikilizaji alidhani ninazungumzia majini wenyewe, wa kupanda kichwani, na ilibidi nieleze. Ndiyo sababu katika maandishi ya pili nimetanguliza sentensi inayotaja maji kabla ya neno hilo. Hata hivyo neno lenyewe sikulibadilisha, kwa sababu ndani yake nilikuta ufa niliokuwa nikiutafuta. Msafiri alizaliwa ziwani, ndani ya mtumbwi mkavu. Majini hakuzaliwa. Tausi, kwa upande wake, alizama akiwa na umri wa miaka sita, akatolewa akiwa baridi, wakamkandamiza kifua mpaka akatapika maji na kulia, na bibi yake akasema kile ambacho bibi yeyote wa kwetu angesema: leo ndiyo umezaliwa.

Ufa ulikuwapo, sasa ilibidi uonekane bila kuonyeshwa kidole. Nilimpa kazi hiyo mkunga. Katika sura ya kwanza, kwenye sherehe ya kumkabidhi Msafiri taa, mkunga aliyemzalisha anajisifu mbele ya watu kwamba mawimbi yalikuwa makubwa, lakini kwa mikono yake hii mtoto alifika ufukoni bila kuguswa na tone la maji. Watu wanashangilia. Ni sifa, kwa hiyo hakuna anayeisikia kama ushahidi. Nimejifunza kwamba dalili huzama vizuri ndani ya majigambo, ndani ya ugomvi au ndani ya maombolezo, kwa sababu msikilizaji anashughulika na hisia ya anayesema na maneno yanapita kando yake yakiwa mazima.

Mstari wa mwisho niliuacha ulivyo. “Kilicho chake” kijiji kilikisikia kama kitoweo: ziwa litaturudishia kitoweo. Nitaurudia baadaye kidogo.

## Yonathani

Swali la pili, la nini kilichonunuliwa, lilikuwa gumu zaidi, na jibu nililipata katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukiangalia kama mwandishi.

Sauli amepakwa mafuta, kisha amekataliwa. Anajua amekataliwa, na sehemu kubwa ya habari yake ni yale anayoyafanya baada ya kujua: anamrushia Daudi mkuki, anamwinda nyikani. Lakini yupo mtu mwingine aliye mahali pale pale. Yonathani ni mwana wa mfalme. Kwa hesabu ya kawaida kiti ni chake. Naye anajua. Katika sura ya 18 anavua joho lake na kumpa Daudi, pamoja na mavazi yake, upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Katika sura ya 23 anamwambia kwa kinywa chake kwamba Daudi atakuwa mfalme, na yeye atakuwa wa pili wake.

Wanaume wawili wamejua jambo lile lile, na kila mmoja amepewa muda wa kufanya kitu nalo.

Msafiri wangu hakupewa muda huo. Alikufa akidhani yeye ndiye, na ukweli ukafunuliwa kwa wengine juu ya maiti yake. Ndiyo maana shangazi hakupata jibu, kwa sababu mtu asiyejua kwamba amekosewa hawezi kuamua chochote kuhusu kosa hilo. Mteule wa kweli naye, ukimtazama vizuri, hana nafasi kubwa ya kuamua, kwa kuwa maneno yameshamtangulia. Mtu pekee katika hadithi ya namna hii mwenye hiari kamili ni yule aliyechaguliwa kwa makosa, kuanzia dakika anayojua.

Kwa hiyo nililihamisha fumbuo kutoka sura ya 11 hadi ya 8, na nikampa Msafiri kwanza, faraghani, kabla ya mtu mwingine yeyote. Anakwenda kumsalimia mkunga usiku wa kuamkia safari, akitaka baraka, na anamwomba amsimulie tena jinsi alivyozaliwa. Mkunga anasimulia kwa majigambo yale yale. Safari hii Msafiri analisikia lile tone la maji. Anauliza ni nani basi hapa kijijini aliyewahi kutolewa majini, na mkunga anakaa kimya.

## Kile ambacho Tausi asingeweza

Baada ya sura ya 8 nilikaa siku kadhaa bila kuandika, nikijiuliza Msafiri afanye nini. Jambo la heshima, kwa haraka, lingekuwa atangaze ukweli asubuhi. Nilipoliandika, nikaona kijiji kingefanya nini: kisingemwamini, au kingemwamini na kisingekubali binti mwenye baba hai apelekwe kwenye maji ya giza, kwa vyovyote taa ingebaki ufukoni. Ukweli uliosemwa ungeua utabiri.

Hapo ndipo mji ulipopatikana. Kosa la kijiji lilikuwa limempa Msafiri kitu ambacho Tausi hakuwahi kuwa nacho: amri. Mteule akisema, watu wanatii. Basi asubuhi anasimama mbele ya wazee kama mteule, huku akijua kwamba si yeye, na anadai kwamba hatakwenda bila Tausi wa kuipiga pampu karabai. Wananung'unika, lakini wanakubali, kwa sababu ni yeye. Anaitumia heshima iliyompata kimakosa kumfikisha mwenye nayo mahali panapomhitaji, na baada ya hapo haina kazi tena. Alikuwa amemfundisha Tausi kuiwasha karabai tangu sura ya 4, kwa mchezo tu, wakati kijiji kilipomlazimisha yeye kujifunza. Bila miezi ile ya mafunzo yaliyomwendea mtu asiye sahihi, hakuna mikono ambayo ingejua kuutunza ule moto upepo ulipokuja.

Nje ya rasi, gizani, anamkabidhi taa na kushika kasia. Tausi anauliza kwa nini. Nilimwandikia Msafiri maneno mengi hapo kisha nikayafuta yote. Anasema tu, “Mimi napiga kasia vizuri zaidi.”

Taa inaonyesha ghuba lililokatazwa, na kati ya mawe, mbavu za chombo kilichopotea. Chombo, ki-vi, sawa na kitoweo. “Ziwa litarudisha kilicho chake.” Kijiji kinapata mahali pa kumalizia msiba uliokuwa wazi kwa miaka 16, na hofu ya giza inaanza kulegea. Lakini “chake” ni cha nani? Tausi ndiye aliyeshika taa. Chombo ni cha babaye Msafiri. Sikuliamua hilo kwa niaba ya msomaji. Sarufi inaruhusu yote mawili, na nilitaka aliyekosewa apate kitu ndani ya maneno yenyewe, kisiwe kifuta machozi kilichobandikwa pembeni.

Msafiri hafi tena. Kifo chake kilikuwa uvivu wangu; nilikuwa nimemwondoa kwa sababu sikujua la kumfanyia mtu asiyehitajika na utabiri.

## Kupima kabla ya kusoma

Kabla ya kurudi uani nilimpa mpwa wangu na wenzake wanne sura nne za kwanza, nikawauliza ni nani atakayelirudisha lililopotea. Mara ya kwanza watatu kati ya watano walimtaja Tausi. Nilitafuta sababu nikaikuta: nilikuwa nimemwandika kwa upendo mno, kila alipoingia jua lilikuwa likichwea na nywele zake zikipepea, na msomaji mzoefu anajua kwamba mwandishi haangazi hivyo mtu wa pembeni. Nilimpunguzia jua, nikampa kazi, na tukio la kuzama kwake nikalitia kinywani mwa bibi anayemkaripia kwa kuchelewa kuchota maji. Kundi la pili lilisema Msafiri, isipokuwa binti mmoja aliyesema hana hakika ila mkunga anamsumbua. Huyo nilimhesabu kama ushindi.

Kipimo cha upande wa pili kinahitaji sura zote. Ukiwauliza baada ya mwisho ni wapi walipoweza kujua, na hakuna anayetaja hata mahali pamoja, basi dalili imezikwa na watahisi wametapeliwa. Wanne walilitaja tone la maji. Hakuna aliyeutaja uziwi wa baba, na bado sijajua kama niupandishe kidogo au niuache kwa wanaosoma mara mbili.

## Mwezi mwingine

Niliwasomea tena mwezi ulipokomaa. Waliokuja walikuwa karibu wale wale, na wengine walitangaza mapema kwamba wanaijua hadithi hii, yule kijana atakufa. Sikuwajibu. Nilipofika kwenye maneno ya kasia, mvuvi mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alijiweka sawa na kusema, taratibu, “Kumbe anajua.” Jirani yake akamwambia anyamaze.

Nilipofunga daftari walibishana kuhusu “chake” mpaka chai ya pili. Shangazi hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa ameuweka ungo chini muda mrefu uliopita, na mimi, nikikumbuka ile jioni ya kwanza, nilimsogelea.

“Shangazi, umeionaje?”

“Sasa nimemwona mtoto.” Akanyamaza kidogo, akivuta kanga begani. “Ila huyo mkunga. Kijana alipomuuliza nani alitolewa majini, alikaa kimya. Kwani alijua tangu lini?”

Nilifungua daftari kwenye sura ya kwanza, kwenye ile sherehe, kutafuta uso wa mkunga wakati watu wanashangilia. Sikuwa nimeuandika.